Kabla ya tarehe 25: barua pepe ya kuomba benki ipange upya mkopo

Mwenye mashine ya kukoboa na kusaga mahindi akitaka kujua kama mkopo umeanza kumwelemea, aende stoo akahesabu magunia. Benki bado haijui lolote. Marejesho yote yamelipwa kwa tarehe, simu ya kukumbushwa haijapigwa, na kwenye kompyuta ya tawi jina lake limekaa pamoja na ya wateja wazuri. Lakini Oktoba stoo ilikuwa na magunia 110, na leo, mwanzoni mwa Februari, yamebaki 70. Magunia 40 hayakuuzwa unga. Yalilipa rejesho la Novemba, la Desemba na la Januari.

Hapo ndipo pa kuandika barua pepe. Nilikaa miaka kadhaa kwenye meza ya afisa mikopo, na katika maombi yote ya kupangiwa upya marejesho niliyopokea, machache mno yaliletwa katika hatua hii. Mengi yalikuja baada ya ujumbe wa tatu wa simu, rejesho likiwa limechelewa wiki tano au sita, na mwombaji akiwa amekwisha kula mtaji wote kwa kulinda jina lake. Nilimhurumia kila mmoja wao, maana walichofanya ni uaminifu mtupu. Ila uaminifu huo uliwaletea benki wakiwa mikono mitupu, bila mahindi stoo na bila fedha za kununulia mengine, na mtu wa namna hiyo ni vigumu sana kumtetea mbele ya kamati ya mikopo.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: mama mwenye mashine mbili, moja ya kukoboa na nyingine ya kusaga, anayewauzia sembe wenye maduka ya rejareja na shule mbili za bweni. Tarakimu nimezipanga mwenyewe ili hesabu ifuatike, lakini umbo la tatizo lake ni lile nililolikuta mara nyingi. Alikopa shilingi milioni 60 kwa miezi 36, riba asilimia 18 kwa mwaka, ikikokotolewa kwenye deni linalobaki. Rejesho lake ni shilingi 2,169,000 kila tarehe 25. Amelipa mara 14. Deni la msingi lililobaki ni 40,391,000, na marejesho yaliyobaki ni 22.

Kwanza tuelewe kwa nini tarehe ina uzito kiasi hiki. Rejesho likipita siku yake, benki huanza kuhesabu siku. Zikifika 90, mkopo huingia kwenye kundi la mikopo chechefu, yaani ile ambayo kulipwa kwake kumekuwa na mashaka. Afisa hana hiari katika jambo hilo, kwa kuwa ni kanuni ambazo Benki Kuu inazisimamia. Benki hulazimika kutenga fedha zake kama kinga ya hasara, na taarifa za mkopaji husomeka kwenye kanzidata ya taarifa za wakopaji, ambako benki nyingine atakayoiendea itaziona. Isitoshe, tangu Januari 2018 viwango vya kimataifa vya uhasibu vinaitaka benki ianze kukadiria hasara mapema, mara tu inapoona hatari ya mkopaji imeongezeka sana, hata kabla ya siku 90.

Mkopo uliokwisha kuwa chechefu ukipangwa upya, hausafiki siku hiyo hiyo. Benki itataka kwanza kuona mfululizo wa marejesho mapya yaliyolipwa kwa wakati ndipo iurudishe kwenye kundi la mikopo mizuri. Kwa hiyo afisa anayepokea ombi la mtu aliyechelewa siku 100 anajua kwamba hata akifanikiwa kulipitisha, hesabu za tawi lake hazitapata nafuu ya haraka. Anayepokea ombi la mtu ambaye hajachelewa hata siku moja ana sababu ya kulikimbiza. Na kwa aliyeweka nyumba dhamana kuna saa nyingine inayotembea: kwa sheria ya ardhi ya Tanzania, benki ikitoa notisi ya kushindwa kulipa, mkopaji ana siku 60 za kurekebisha kabla haki ya kuuza haijaanza kutumika.

Jambo la pili ni msomaji. Barua pepe huandikwa kwa meneja wa tawi, hufunguliwa na afisa mikopo, lakini uamuzi hutolewa na kamati inayokaa makao makuu au kanda, ambayo mama yetu hataiona kamwe. Afisa atachukua barua pepe yake na kuandika andiko la kurasa mbili tatu kwenda kwenye kamati. Kila tarakimu anayoikosa itabidi aitafute kwa simu, na kila siku ya kutafuta ni siku ambayo ombi limelala. Barua pepe bora ni ile ambayo afisa anaweza kunakili tarakimu zake moja kwa moja kwenye andiko lake.

Kamati nayo haina maswali mengi. Inauliza nini kimebadilika tangu mkopo utolewe, kama kilichobadilika kitapita au kimekuja kukaa, na ni fedha zipi hasa zitakazolipa ratiba mpya. Swali la katikati ndilo linaloamua kila kitu. Bei ya mahindi iliyopanda Januari itashuka mavuno yakiingia. Mteja mkubwa aliyehamia kwa mshindani huenda asirudi. Tatizo linalopita linaombewa muda. Tatizo lililokuja kukaa linahitaji biashara yenyewe ipunguzwe, pengine kuuza mashine moja na kupunguza deni, na kuliombea muda ni kulipa riba zaidi kwa ajili ya kuchelewesha siku ileile.

Mwaka 2020 swali hilo halikuhitaji kujibiwa na mkopaji mmoja mmoja. Uviko ulikuwa umemgusa kila mtu, na tarehe 12 Mei mwaka huo Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kulegeza masharti kwa mabenki yatakayopanga upya mikopo ya walioathirika. Kenya, kufikia mwisho wa Februari 2021, mikopo iliyokuwa imepangwa upya ilifika shilingi za Kenya trilioni 1.7, zaidi ya nusu ya mikopo yote ya mabenki nchini humo. Wafanyabiashara wengi waliopata nafuu wakati ule walibaki na dhana kwamba kuomba kunatosha. Siku hizi tatizo ni la kwako peke yako, na ushahidi wake unaubeba wewe.

Tuje kwenye ushahidi huo. Mama yetu hahitaji vitabu vya hesabu vilivyokaguliwa ili kuandika barua pepe hii. Anahitaji taarifa ya akaunti ya benki, taarifa ya lipa namba ya simu, na daftari lake la manunuzi. Kosa ninalolikumbuka kuliko yote ni watu kuandika mauzo badala ya fedha zilizoingia. Unga uliopelekwa shule mwezi wa Septemba ni mauzo, lakini kama shule haijalipa, haujaleta hata shilingi, na rejesho haliwezi kulipwa kwa ankara. Afisa naye ana taarifa ya akaunti mbele yake. Ukimwandikia kwamba unauza milioni 28 kwa mwezi naye anaona milioni 20 zikiingia, hatauliza kwa ukali, ila kuanzia hapo kila tarakimu yako ataipunguza kichwani mwake.

Basi mama anachukua miezi sita ya hali ya kawaida, Mei hadi Oktoba, na miezi mitatu ya shida, Novemba hadi Januari. Katika kipindi cha kwanza ziliingia wastani wa milioni 24 kwa mwezi, zikatoka milioni 20.6 kwa mahindi, umeme, mishahara, usafiri na kodi, zikabaki milioni 3.4. Rejesho la milioni 2.17 lilitoka humo bila taabu. Katika kipindi cha pili zimeingia milioni 19.6, zimetoka milioni 18.7, zimebaki laki 9. Kila mwezi anapungukiwa shilingi 1,269,000, na kwa miezi mitatu ni takriban milioni 3.8. Ukigawa kwa bei ya gunia ya sasa, shilingi 95,000, unapata magunia 40. Ndiyo yale yaliyopungua stoo. Hesabu inapokubaliana na ghala namna hii, afisa atakayekuja kutembelea biashara atahesabu magunia, ataamini, na safari yake itakuwa fupi.

Sasa aombe nini? Wengi huandika tu kwamba wanaomba kuongezewa muda na kuiachia benki iamue. Nasihi msifanye hivyo. Anayejua biashara ni mwenye biashara, na benki ikipanga peke yake itachukua njia iliyo rahisi kwenye mfumo wake, ambayo ni kutandaza deni lililobaki kwenye miezi mingi zaidi. Tujaribu njia hiyo. Deni la 40,391,000 likitandazwa kwa miezi 36 badala ya 22, rejesho linakuwa shilingi 1,460,000. Likitandazwa kwa miezi 48, linakuwa takriban 1,186,000. Yote mawili yanazidi laki 9 alizobaki nazo. Angepata nafuu kwenye karatasi na bado mwezi huu angeuza magunia mengine.

Shida yake ina msimu. Mahindi ni ghali sasa kwa sababu stoo za wakulima zimekwisha, na yatashuka kuanzia Juni mavuno yakishuka kutoka nyanda za juu kusini. Anachohitaji ni kupumua hadi Julai, kisha rejesho dogo kiasi kuliko la zamani. Kwa hiyo anaomba miezi sita ya kulipa riba peke yake, ambayo ni asilimia 1.5 ya deni kila mwezi, yaani shilingi 605,900, halafu deni lote lilipwe kwa miezi 30. Rejesho la kipindi hicho cha pili mtu halipati kwa kukisia. Fungua Eksel kwenye kompyuta au simu, uandike hivi:

```
=PMT(1.5%,22,-40391000)
=PMT(1.5%,30,-40391000)
```

Mstari wa kwanza ni wa kujipima. Ukiurudisha mkopo kwenye miezi 22 iliyobaki, lazima upate rejesho unalolipa sasa, 2,169,000. Ukipata tofauti, basi ama riba yako si ile unayodhani, ama inakokotolewa kwa njia nyingine, kwa mfano juu ya mkopo wote wa mwanzo bila kujali ulichokwisha lipa. Mwulize afisa kabla ya kuendelea. Mstari wa pili unatoa rejesho jipya: shilingi 1,682,000.

Nafuu hii ina bei, na ni lazima ijulikane kabla ya kuombwa. Kwa ratiba ya sasa, riba iliyobaki hadi mwisho ni takriban milioni 7.3. Kwa ratiba mpya inakuwa takriban milioni 13.7. Tofauti, karibu milioni 6.4, ndiyo ada ya kupumua. Mama akiona ni kubwa mno, anaweza kuomba miezi mitatu ya riba peke yake badala ya sita, lakini hiyo ingekwisha Aprili, gunia likiwa bado ghali, na angelazimika kurudi kuomba tena. Ombi la pili kwa mkopo uleule ni gumu kuliko la kwanza, kwa sababu linaiambia kamati kwamba mkopaji hakujua shida yake ingedumu muda gani. Ni afadhali kuomba mara moja kiasi kinachotosha.

Barua pepe yake inaweza kuwa hivi:

> Mada: Maombi ya kupanga upya marejesho, mkopo wa akaunti inayoishia 4417, kabla ya rejesho la 25 Februari
>
> Ndugu Meneja wa Tawi,
> Nakala: Afisa Mikopo
>
> Naomba benki ipange upya marejesho ya mkopo wa biashara yangu ya kukoboa na kusaga mahindi. Mkopo ulikuwa 60,000,000/= kwa miezi 36, ulitolewa Novemba mwaka juzi. Nimelipa marejesho 14, yote kwa wakati. Deni la msingi lililobaki ni 40,391,000/=.
>
> *Kilichobadilika.* Tangu Novemba gunia la mahindi limepanda kutoka 70,000/= hadi 95,000/=, na shule mbili za bweni hazijanilipa 9,300,000/= za unga wa muhula uliopita.
>
> *Fedha za biashara, wastani kwa mwezi.*
> Mei–Oktoba: ziliingia 24,000,000/=, zilitoka 20,600,000/=, zilibaki 3,400,000/=.
> Novemba–Januari: zimeingia 19,600,000/=, zimetoka 18,700,000/=, zimebaki 900,000/=.
> Rejesho la sasa ni 2,169,000/=. Pengo la miezi mitatu, takriban 3,800,000/=, nimeliziba kwa kupunguza akiba ya mahindi kutoka magunia 110 hadi 70.
>
> *Ninachoomba.* Februari hadi Julai nilipe riba peke yake, takriban 605,900/= kwa mwezi. Kuanzia Agosti nilipe 1,682,000/= kwa miezi 30. Mkopo utaisha miezi 14 baada ya tarehe ya sasa. Natambua kwamba riba yote itaongezeka kwa takriban 6,400,000/=.
>
> *Nitakavyolipa.* Baada ya mavuno natarajia kubaki na 2,300,000/= kwa mwezi. Shule moja imeandika kwamba italipa 6,300,000/= kwa awamu tatu, Machi, Aprili na Mei; fedha hizo zitanunua mahindi Juni na Julai. Shule ya pili, inayodaiwa 3,000,000/=, haijajibu na sijaihesabu. Tangu Januari siuzi kwa mkopo wa zaidi ya siku 30, na nimesimamisha zamu ya usiku.
>
> Endapo uamuzi utakuwa haujatoka kufikia 25 Februari, nitalipa siku hiyo walau riba ya mwezi. Nipo dukani siku zote za kazi kwa ajili ya ukaguzi.
>
> Viambatisho: taarifa ya akaunti ya miezi 9, taarifa ya lipa namba, orodha ya wadaiwa, barua ya shule, makadirio ya fedha ya miezi 12.

Hakuna salamu ndefu, wala sentensi ya kuomba huruma. Katika utamaduni wetu kuandika hivi kwa mtu mwenye uwezo juu yako kunaweza kuonekana kama kukosa adabu, na najua wengi watataka kuongeza aya ya kueleza maradhi ya mzee, ada za watoto na msiba wa mwezi uliopita. Kama msiba ndio uliofunga mashine wiki mbili, uandike, kwa sababu umepunguza fedha zilizoingia. Yaliyobaki mwambie afisa ana kwa ana. Atakuelewa kama binadamu, lakini hawezi kuyaweka kwenye andiko la kamati, na yakichanganyika na tarakimu yanamchelewesha kuzipata.

Tarakimu yenye kazi kubwa kuliko zote hapo ni ile ya milioni 2.3. Angalia kwamba hakuandika 3.4. Kabla ya shida alikuwa akibaki na milioni 3.4, na kishawishi cha kusema mambo yatarudi kama zamani ni kikubwa. Lakini bei ya gunia haijulikani kama itarudi mpaka 70,000, na kwa kukataa kukopesha zaidi ya siku 30 huenda akapoteza mteja mmoja. Ameweka kiasi cha chini. Kamati itachukua milioni 2.3 na kuigawa kwa rejesho jipya la 1,682,000, ipate karibu 1.37. Maana yake ni kwamba kwa kila shilingi 100 za rejesho kuna shilingi 137 za kulilipa. Mabenki mengi hutaka walau 120 au 125. Angeandika milioni 3.4, kamati ingeuliza kwa nini basi asiendelee na rejesho la zamani kuanzia Agosti, na swali hilo lingekuwa la haki.

Shule isiyojibu nayo ina sababu ya kutajwa. Ni rahisi kuificha, au kuihesabu kama fedha itakayokuja. Kuiandika kwamba haijahesabiwa kunamwonyesha afisa kwamba makadirio yametengwa na matumaini. Ile iliyojibu ina barua, na barua imeambatishwa. Ahadi ya mdomo ya mhasibu wa shule haina thamani kwenye kamati, hata kama mhasibu mwenyewe ni mtu wa kweli.

Kiambatisho cha makadirio kinawatisha watu bure. Ni ukurasa mmoja wenye safu 12, kila mwezi safu yake: fedha zitakazoingia, zitakazotoka, zitakazobaki, rejesho, na salio la mwisho wa mwezi linalohamia mwezi unaofuata. Kuna mahali pamoja ambapo huharibika. Juni na Julai biashara ya mahindi hutumia fedha nyingi kuliko inazoingiza, kwa sababu ndipo stoo inapojazwa. Makadirio yanayoonyesha miezi yote 12 ikifanana yanamwambia msomaji kwamba aliyeyaandika hajawahi kununua mahindi. Kwa mama yetu, salio la mwezi wa Julai litakuwa dogo sana, na ndiyo maana rejesho kubwa linaanza Agosti.

Baada ya kutuma, afisa atapiga simu. Mazungumzo yenyewe huwa mafupi. "Mama, nimeipata. Nitakuja Alhamisi nione stoo na daftari la wadaiwa." Akifika atahesabu magunia, atasoma mita ya umeme au ataomba kumbukumbu za kununua Luku, kwa sababu umeme haudanganyi kuhusu saa ambazo mashine imesaga. Unga ukiwa umepungua kwa robo na umeme haujapungua, atataka kujua unga mwingine umekwenda wapi. Ni vyema mwenye biashara awe ameilinganisha mwenyewe kabla ya siku hiyo.

Kuanzia siku barua pepe inapotumwa hadi siku mkataba wa nyongeza unaposainiwa, ratiba ya zamani ndiyo inayotawala. Hapa watu wengi wazuri wameumia. Wanatuma ombi, wanajibiwa kwamba limepokelewa, wanadhani wamepumzishwa, wanaacha kulipa. Ombi lililopokelewa halijabadilisha chochote. Mama akilipa tarehe 25 Februari riba peke yake, sehemu iliyobaki ya rejesho imechelewa kuanzia tarehe 26, na siku zinahesabiwa. Uamuzi ukitoka katikati ya Machi atakuwa na siku 17 au 20 za kuchelewa, si mbaya, na zitafutwa na ratiba mpya. Kama anaweza kulipa rejesho zima la Februari bila kugusa mahindi, alipe, kwa sababu rekodi safi ya miezi 15 ina nguvu kuliko ya 14 na kidogo. Hata hivyo asiuze magunia mengine kwa ajili hiyo, maana hayo ndiyo yatakayolipa mkopo baadaye.

Tuseme kamati imekubali tarehe 14 Machi. Tawi linampigia aje kusaini, na anatakiwa aje na mume wake, kwa kuwa nyumba ya familia ndiyo dhamana na masharti ya mkopo unaoishikilia yanabadilika. Karatasi ya ratiba mpya inaonyesha miezi sita ya riba kuanzia tarehe 25 Machi, kwa hiyo rejesho kamili linaanza Septemba. Hilo ni sawa, mwezi mmoja umesogea. Anatafuta deni la msingi. Kwa kuwa Februari alilipa riba yote ya mwezi, deni halikupaswa kukua. Lilipaswa kubaki 40,391,000. Karatasi inasema 40,795,000.

Anauliza, na afisa anaelezea kwamba shilingi 404,000 ni ada ya kupanga upya, asilimia 1 ya deni, iliyoongezwa kwenye mkopo kama barua ya kibali inavyosema kwenye ukurasa wa pili. Kwa ada hiyo rejesho linakuwa 1,699,000, siyo 1,682,000, na kila shilingi ya ada inalipiwa riba kwa miezi 36. Anaweza kuilipa taslimu leo na ratiba ikachapwa upya. Awamu ya kwanza ya shule, milioni 2.1, imeingia juzi. Anaitoa ada humo, anasubiri ukumbini karatasi nyingine ichapwe, na anaposoma 40,391,000 anampa mumewe kalamu asaini kwanza.